Kinyago Namba Tatu

Kama kuna uvivu ninaokubali kushitakiwa nao, ni uvivu wa kubembeleza watu. Nipe mifupa ya popo niiunge kwa gundi, nipe mitungi mia ya vyura niibandike majina, hutanisikia nikinung'unika. Lakini uniambie nenda mtaani ukamwombe mtu usiyemjua akae nusu saa huku umempaka plasta usoni, hapo tutagombana.

Mimi ni fundi wa maabara katika idara ya wanyama ya chuo, mwaka wa kumi na nne sasa. Daktari wa kunguru alitujia na mradi wa miaka miwili. Tulimwita hivyo ingawa hatibu mtu. Udaktari wake ni wa vitabu. Mwanamke mwembamba, mpole wa kutisha, yule wa kukuuliza swali kisha akasubiri jibu mpaka ujute kuzaliwa. Swali la mradi wake lilikuwa hili: kunguru akifa, kwa nini wenzake hukusanyika na kupiga kelele? Jambo lenyewe kila mtu amewahi kuliona. Mmoja amelala chini, miguu juu. Anapita mwenzake, anamwona, anapiga ukelele. Mara wanatokea wawili, kumi, thelathini, wanajaa juu ya nyaya na mapaa, wanapiga makelele ya kupasua masikio. Robo saa, dakika ishirini, halafu kila mmoja anakwenda zake. Watu wanauita msiba.

"Huenda ni msiba kweli," Daktari alituambia siku ya kwanza. "Sina mlango wa kuingilia moyoni mwa kunguru. Ninachoweza kupima ni kile wanachojifunza pale. Nadhani wanajifunza nani ni hatari, na mahali gani ni hatari. Maiti ni habari, na wale wanakuja kuisoma."

Kazi ilipangwa hivi. Kila asubuhi tunamwaga karanga na vipande vya mkate katika ua wa nyuma ya idara, tunahesabu kunguru wangapi wanashuka na baada ya muda gani. Wakishazoea, mtu anakuja kusimama uani akiwa amemshika kunguru mfu, kimya, viganja juu kama mtu aliyebeba sahani. Ndege wenyewe walikuwa wamegongwa na magari, mimi niliwakausha na kuwajaza pamba. Siku nyingine anasimama mtu mwenye njiwa mfu, na siku nyingine mtu mikono mitupu. Baadaye hao watu wanarudi bila kushika kitu, tuone kunguru watamkumbuka nani.

Sasa, kunguru hawasahau uso. Mwanafunzi akisimama pale na sura aliyozaliwa nayo, atazomewa chuoni mpaka ahitimu. Ndiyo maana Daktari alitaka vinyago vya mpira, vitatu, vya sura za watu halisi. "Fundi," aliniambia, "tafuta watu ambao hawakanyagi hapa chuoni kabisa. Hilo ni muhimu sana."

Nikaitikia vizuri tu. Wa kwanza nikampata, shemeji yangu, anaishi mbali na hana haya. Wa pili alikuwa kinyozi wa mtaani kwetu. Wa tatu sikumpata. Mmoja niliyemwomba alidhani namwibia nyota, mwingine alikohoa plasta ikapasuka. Siku ya kukabidhi ilikuwa kesho yake. Nikatoka nje kupunga upepo, nikamwona Saa Sita.

Saa Sita ni mlinzi wa geti letu la nyuma. Jina lake hilo lilitokana na chakula: ikigonga saa sita kamili mchana, hata angekuja mkuu wa chuo na msafara wake, mzee alikaa juu ya jiwe lake nje ya kibanda, akafungua mkebe aliofungiwa na mkewe, mkate na yai la kuchemsha, akala. Maganda ya mkate aliwarushia kunguru. Walikuwa wanamjua. Walitua mpaka karibu na viatu vyake, wakitembea kwa madaha kama wakaguzi, na yeye akiwasemesha. "Wewe jana ulikula zaidi ya mwenzako, leo subiri." Ilikuwa burudani kuwatazama.

Na mzee anajua kukaa kimya, ndiyo kazi yake. Nilimwomba, akakubali kabla sijamaliza kumweleza ni ya nini. Alikaa nusu saa chini ya plasta bila kutikisa hata kope, nikamtolea uso mzuri kuliko wote. Kinyago kilipokauka nikakipaka rangi, nikaandika namba 3 kwa ndani. Nilijiambia: namba tatu kitaangukia kwenye mikono mitupu, kinyago cha bure, hakuna atakayedhurika. Nilijiambia pia kwamba ndege gani huyo atakayelinganisha mpira wa dukani na mzee mwenye kofia. Daktari alikuwa mgeni, alizoea kumwona mlinzi amevuta kofia mpaka kwenye nyusi, hakushtuka. Alivipanga vinyago mezani, akapiga kura kwa vikaratasi.

Namba tatu ikaangukia kunguru mfu.

Ningesema hapo hapo. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini Daktari alikuwa anatabasamu, ratiba imeshabandikwa ukutani, na mimi nikameza maneno kama mtu anayemeza kidonge bila maji.

Wiki hiyo hiyo mke wa Saa Sita akafariki. Alifia nyumbani, peke yake, asubuhi, mzee akiwa zamu. Alikuwa mama mnene mcheshi aliyekuja getini kila mwisho wa mwezi na kutugawia ndizi. Sote tulikwenda kuzika. Mzee alipewa likizo ya wiki tatu, na katika hizo wiki tatu sisi tulifanya kazi yetu.

Siku ya mtu mwenye njiwa kunguru walichungulia, wakasitasita kidogo, wakala karanga. Siku ya mikono mitupu hawakujali. Siku ya namba tatu, mwanafunzi mmoja mrefu alitoka kwa mlango wa nyuma amevaa ule uso, kunguru wangu wa pamba amelala viganjani mwake. Haikupita hata dakika moja. Mmoja juu ya tangi la maji akatoa sauti ya ukali, ile ya kukwaruza, wakaanza kumiminika kutoka kila upande. Nilihesabu arobaini na wawili, nikaacha. Hakuna aliyemgusa mwanafunzi wala maiti. Walijipanga juu na kumzomea, shingo mbele, mabawa yanatetemeka. Karanga zililala pale pale chini mpaka kesho yake, na siku nne zilizofuata walishuka wachache, tena kwa kuchelewa.

Tulirudia mara mbili. Halafu namba tatu akatoka mikono mitupu, hana ndege wala nini. Wakamzomea vile vile. Vinyago vya kinyozi na shemeji yangu vilipita vikaachwa na mambo yao. Daktari alifurahi akanikumbatia, na mimi nikakaa ndani ya kumbatio lile kama gogo.

Saa Sita alirudi Jumatatu.

Nilikuwa dirishani wakati anakaa juu ya jiwe. Alikuwa amekonda, kola ya sare inamzunguka shingo kama ya kuazima. Akafungua mkebe. Mkate mtupu safari hii, maana wa kuchemsha yai hayupo. Akamega kipande, akakirusha, na kutoka kwenye mti wa uani ikatoka ile sauti ya kukwaruza.

Alitazama juu akidhani kuna mwewe. Kisha akatazama nyuma yake. Walikuwa wameshafika kumi, wakafika ishirini, na wote walikuwa wanamtazama yeye. Alivua kofia, labda alidhani hawajamtambua. Akawaonyesha uso vizuri.

"Ni mimi jamani," nilimsikia. "Mmenisahau?"

Zile kelele zilizidi. Mzee alisimama na mkate mkononi, na kwa kweli sijawahi kumwona mtu mzima amechanganyikiwa vile. Niliona aibu mpaka masikio yakanichoma. Nikafunga dirisha.

Siku ya tatu alikuja na mwavuli, na mvua hakuna. Walimfuata kutoka getini mpaka msalani na kumrudisha. Mara moja moja mmoja alijirusha chini, akampita karibu na sikio. Alihamishia chakula ndani ya kibanda, mlango umefungwa, na watu wakaanza kuona na kusema. Mpishi wa kantini ndiye aliyenipa habari huku akinipakulia.

"Kunguru wale wana msiba," alisema. "Na wakiwa na msiba wanamjua aliyeuleta. Mbona hawamzomei mwingine? Yule mama hakuwa mgonjwa, bwana. Kafa ghafla. Wale ndege alikuwa anawalisha mkate aliokuwa anaufunga marehemu. Wanajua."

"Funga domo lako," nikamwambia.

"Nimesema wanajua, sijasema nini wanajua." Na akanipunguzia wali, nikaondoka na nusu sahani.

Nilijua kitu cha kufanya. Ni sentensi moja tu: mzee, ule uso niliokupaka plasta ndio uliobeba kunguru mfu. Mtoto wa shule ya msingi angeisema. Lakini nikifika getini ulimi ulikuwa mzito. Kusema kwake ni kusema kwa Daktari, na kusema kwa Daktari ni kumwambia kwamba mwezi mzima wa kazi umefanyika juu ya uongo wangu, na huenda kazi yangu ya miaka kumi na minne ikaishia hapo. Nikasema nitasema Ijumaa. Ijumaa ikapita. Nikaanza kupitia geti la mbele, mzunguko wa robo saa, ili nisimsalimie mzee wa watu.

Siku moja alinivizia. Alinisubiri kwenye ngazi za idara, mwavuli kwapani, na juu ya paa tayari walikuwa watatu wakikwaruza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Wewe unafanya kazi na hawa ndege. Nikuulize. Wanaweza kujua kitu kilichotokea nyumbani kwa mtu?"

"Nyumbani wapi?"

"Kwangu. Ni safari ya saa nzima kutoka hapa. Nimejiuliza labda wanaruka mpaka kule. Labda walikuwa juu ya bati siku ile." Aliongea taratibu, kama mtu anayeeleza njia. "Nimekaa nao miaka tisa. Hawajawahi kunifanyia hivi. Kitu gani nimefanya tangu wakati ule, zaidi ya kile?"

"Kipi, mzee?"

Alitazama juu ya paa. Alisema tu anafikiria kuacha kazi mwisho wa mwezi, akakae kwa binti yake, kisha akasema hapana, kwa binti yake hawezi, mtoto akimwangalia usoni atajua. Alikuwa amepanga aende kwa kaka za marehemu awaambie wenyewe. Awaambie nini, sikuthubutu kuuliza. Nilimwambia pole, nikapanda ngazi mbili mbili kama mwizi.

Kilichonitoa pangoni ni Daktari mwenyewe, na tena kwa akili zake nzuri.

Alikuwa ameona. Mtu anayehesabu kunguru kila siku hawezi asione. Aliniita ofisini kwake asubuhi, meza imejaa majedwali.

"Fundi, kuna jambo linanisumbua. Yule mlinzi anazomewa kuliko hata kinyago chetu. Nimewahesabu siku sita. Mwanzoni sikuelewa, lakini jibu ni moja tu." Akaweka kalamu chini. "Wamemwona na kunguru mfu. Nadhani anawatilia sumu. Labda alichoshwa nao. Nimemwita, nataka nimuulize kwa heshima kabla sijapeleka kwa utawala."

 Kantini ilikuwa imemhukumu mzee kwa uvumi, na sasa sayansi ilikuwa inamhukumu kwa hoja ambayo, kwa kweli, haikuwa na kosa. Kunguru humzomea waliyemwona na maiti. Kunguru wanamzomea mlinzi. Hata mimi ningefika hapo hapo, kama nisingekuwa najua kilichoko ndani ya kabati langu.

Saa Sita akabisha hodi, akaingia, kofia mkononi. Alikataa kiti.

"Mzee," Daktari alianza kwa ule upole wake, "naomba usikasirike. Umewahi kumshika kunguru aliyekufa hapa chuoni?"

"Hapana."

"Au kumuua? Hata kwa bahati mbaya? Sitakuchongea, nataka kuelewa tu."

Akasubiri jibu. Mzee aliangalia kofia yake, akaizungusha, akaizungusha tena.

"Nimeua, mama," alisema. "Lakini si kunguru."

Daktari alinikodolea macho. Mimi nilikuwa nimeshika kona ya meza. Mzee alikuwa anavuta pumzi ya kuendelea, na nilijua kwamba akitoa neno moja zaidi atakuwa ameungama mbele ya mtu asiyemhusu, kwa sababu ya ushahidi niliouchonga mimi kwa plasta na mpira.

"Ni mimi!" nikasema. Nilipiga kelele kabisa, kama mtu aliyekanyagwa. "Namba tatu ni yeye. Nilitumia uso wake. Uliniambia watu wa nje, sikuwapata, nikamchukua mzee. Hajaua kitu. Hawamjui yeye, wanajua ule uso."

 Daktari alimtazama mzee, kwa mara ya kwanza bila kofia, mchana kweupe, hatua mbili mbele yake. Nikaona jinsi macho yake yalivyopita kwenye paji la uso, kwenye pua, kwenye ule mkunjo wa shavu la kushoto nilioujivunia sana. Akakaa.

"Namsalimia kila siku," alisema kwa sauti ya chini. "Mwezi mzima nimekiangalia kile kinyago, na namsalimia kila siku."

Sijui kama alikuwa ananisema mimi au anajisema mwenyewe. Idara nzima ina macho, na waliomtambua mzee walikuwa juu ya paa.

Mzee hakuelewa. Alikuwa anatutazama kwa zamu, kama mtu anayesikiliza watu wakigombana kwa lugha ngeni. Nilimweleza, nikaeleza tena, nikachanganya mambo, nikaanza upya. Kinyago, kura, ndege wa pamba. Alitikisa kichwa kwa adabu, na nilijua haamini. Alidhani namhurumia.

"Njoo uone," nikamwambia.

Nikafungua kabati langu. Alipoona uso wake umening'inia kwenye msumari, mkono ulimwendea wenyewe shavuni. Nikamsimamisha kwenye dirisha la maabara linaloangalia uani, Daktari nyuma yake. Nikakivaa kinyago, nikatoka nje mikono mitupu.

Ndani ya mpira kuna joto na harufu ya gundi, na unaona kupitia matundu mawili tu. Lakini masikio hayazibwi. Nilipofika katikati ya ua, juu ya tangi yule wa kwanza akapiga ukelele, na mara mbingu ikajaa. Mimi, mwanamke mfupi mwenye koti jeupe na viatu vya kisigino. Hawakujali koti wala umbo. Waliuzomea ule uso kwa nguvu zote, na kupitia matundu yale niliuona uso wenyewe, wa mzee, nyuma ya kioo cha dirisha, umebaki mdomo wazi.

Nilidhani atafurahi. Mjinga mimi, nilidhani akishaona atacheka, atanitukana kidogo, basi. Nikageuka kurudi ndani, na yeye alikuwa ameshatoka nje, amesimama mlangoni bila mwavuli. Watu wawili, sura moja. Kelele ziliongezeka mpaka madirisha ya ghorofani yakafunguliwa.

"Kwa hiyo hawajui," aliniambia.

"Hawajui chochote, mzee. Waliona ndege mwenzao amekufa mikononi mwa sura hii, wakaitana, wakaikariri. Ndiyo maana ya ule msiba, au sehemu yake. Wanaambiana nani wa kuogopwa."

"Hawajui habari za mke wangu."

"Hapana."

Uso wake, ule wa nyama, ukaporomoka. "Mimi niliona heri wanajua," alisema. "Niliona angalau kuna wanaojua."

Nilisimama pale nimevaa uso wake. Nilikuwa nimekuja kumwondolea mzigo, na kumbe nimemwondolea waliokuwa wakimsaidia kuubeba. Nilikasirika. Nilijikasirikia mwenyewe, na kunguru, na vikaratasi vya kura, na hasa nilikasirika kwamba nitavua huu uso saa hii, nitautundika kwenye msumari, na nitakwenda zangu nyumbani bila ndege hata mmoja kuniuliza kitu, na yeye atabaki nao wake. Watamzomea miaka. Daktari alishaniambia, miaka, na watoto wao watafundishwa.

Nikaingia ndani mbio, nikakivua kinyago na kukitupa mezani. Nikapita mbele ya Daktari, nikamchukua yule kunguru wa pamba kwenye sanduku lake. Daktari aliona kinyago kimebaki juu ya meza.

"Fundi! Huna kinyago! Fundi, usitoke!"

Nilitoka. Nilisimama karibu na Saa Sita, begani kabisa, na uso wangu niliopewa na mama yangu nikauinua juu wauone vizuri. Nikanyoosha viganja na yule mfu juu yake.

Sijui nielezeje ile sauti. Zile za mwanzo zilikuwa za kunong'ona. Walitoka nyuma ya maktaba, walitoka jalalani, walitoka mahali nisipopajua, mpaka ukingo wote wa paa ukawa mweusi. Nilitaka kukimbia, lakini nilikaa. Nilihesabu kimoyomoyo, maana nimezoea kuhesabu. Daktari alikuwa dirishani, mikono kichwani, na nilijua kazi ya uani pale imeharibika moja kwa moja na huenda na yangu pia. Hilo tungeliongea baadaye, na kweli tuliliongea, na halikuwa mazungumzo matamu.

"Umefanya nini wewe mtoto?" mzee aliniuliza. Ilibidi anisogelee sikioni. "Watakusumbua kila siku!"

"Na wanisumbue."

"Lakini wewe hujafanya kitu!"

"Nimefanya," nikasema. "Nimekuacha wiki mbili ukidhani umelaaniwa."

 Nilimtia yule ndege ndani ya koti langu, na tukaanza kutembea kuelekea getini, kwa sababu zamu yake ilikuwa haijaisha na geti lilikuwa limebaki wazi. Walitufuata. Mmoja alinipitia karibu na nywele nikainama, mzee akanishika mkono. Wanafunzi walisimama pembeni wakitutazama, na mpishi alikuwa kwenye mlango wa kantini na mwiko mkononi. Kwa kweli sikujua kama nimemsaidia mzee au nimeongeza wazimu juu ya wazimu.

Katikati ya njia akaanza kuongea. Sikumsikia mwanzoni.

"Unasemaje?"

"Alinipigia simu!" alisema kwa sauti zaidi. "Asubuhi ile kabla sijatoka aliniambia kifua kinambana, nikamwambia ni kiungulia, kunywa maji! Nikaja kazini!"

Kunguru walikuwa juu yetu kabisa. Nilimwashiria kwamba sisikii vizuri, na ni kweli nilikuwa sisikii vizuri. Akasimama. Akakunja mikono mdomoni kama mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya bonde, mzee yule ambaye sikuwahi kumsikia akipaza sauti hata kwa dereva wa lori.

"Simu niliizima mlio! Kazini haturuhusiwi simu, nikaizima mlio! Alinipigia mara kumi na moja!"

"Mara ngapi?"

"Kumi na moja!" alipiga kelele, machozi yanamtiririka, na chuo kizima kikamsikia. "Kumi na moja!"